Nauli ya begi dogo tu: naenda na easyJet, narudi na Ryanair. Begi moja litapita kote?

#1 Mkaa Manchester (mleta uzi)
Habari wakuu. Nina harusi ya binamu Bergamo, naondoka Ijumaa na kurudi Jumapili usiku. Nimekata tiketi mbili tofauti kwa sababu ya bei: kwenda ni easyJet hadi Malpensa, kurudi ni Ryanair kutoka Bergamo penyewe. Zote ni nauli ya chini kabisa, ile ya begi dogo la kuweka chini ya kiti cha mbele.

Nina shanta ambalo lebo yake inasema sm 45 x 35 x 20. Mizigo ni hii: suti, viatu vya ngozi, raba, kanzu ya usiku wa Ijumaa, jinzi, laptopu, doti mbili za kanga za kumpa mama wa bibi harusi, na chupa ya achari ambayo mama amesisitiza ifike. Nikiongeza begi kubwa kwenye safari ya kurudi, bei inaizidi tiketi yenyewe. Nipangeje nisije nikatozwa getini? Nawasilisha.

#2 Kigoma Mjini Kati
Nenda kwa amani mkuu. Mimi husafiri na shanta la ukubwa huohuo na sijawahi kuulizwa. Wanawaangalia wenye mabegi ya magurudumu tu.

#3 Babu Ngalawa
Kilo ngapi lakini? Mimi naenda Dar mwezi wa 12, nimepewa mabegi mawili ya kilo 23 kila moja na la mkononi kilo 7. Ukikata tiketi mapema utapata hata wewe.

#4 Dereva wa Usiku
Babu, anaenda Italia siku mbili, hahami nyumba. Hana begi la kilo 23, ana shanta moja.

#5 Futikamba
Salaam. Nimefanya kazi kwenye kaunta na mageti ya viwanja vya ndege huku Ulaya kwa miaka, kwa hiyo nijibu swali lenyewe.

Kwenda utapita. easyJet wanaruhusu sm 45 x 36 x 20, magurudumu na mishikio ikiwa ndani ya kipimo, na uzito hadi kilo 15. Begi lako liko ndani yake, mradi halijavimba.

Kurudi ndiko kwenye tatizo. Ryanair wanaruhusu sm 40 x 30 x 20. Lako limezidi sm 5 kwenda juu na sm 5 kwa upana. Ukizidisha vipimo, begi lako linabeba lita 31 na nusu, na wao wanakupa lita 24. Hizo lita saba na nusu ni sawa na suti yako na kanzu zikiwa zimekunjwa. Ukikata tiketi mbili za mashirika mawili, begi lako linapimwa kwa kipimo cha yule mwenye boksi dogo zaidi. Panga safari nzima kwa sm 40 x 30 x 20 na usahau kile cha easyJet.

Na usiamini lebo. Lebo hupimwa begi likiwa tupu, mara nyingi bila mfuko wa mbele. Pima likiwa limejaa, kwa futikamba, kutoka sehemu iliyotokeza kabisa upande huu hadi iliyotokeza kabisa upande ule.

#6 Hakimu Bila Joho
Futikamba, Ryanair si 40 x 20 x 25? Ndivyo nilivyosoma mimi.

#7 Futikamba
Hicho ni cha zamani. Mwaka 2025 walikiongeza kikawa 40 x 30 x 20, kutoka lita 20 hadi 24. Aliyenunua begi la kipimo cha zamani hana haja ya kulitupa, kwa sababu 40 x 25 x 20 linaingia ndani ya boksi jipya na linabaki na nafasi. Wizz Air nao ni 40 x 30 x 20, ila wao wanaweka kikomo cha kilo 10. Ndiyo maana nawaambia watu, ukinunua begi moja la safari fupi za Ulaya, nunua la kipimo hicho upumzike.

#8 Kigoma Mjini Kati
Sawa mtaalamu, lakini kwenye uhalisia hawapimi. Mimi napita na la 45 kila mara.

#9 Shangazi wa Leicester
Kigoma usimpoteze mwenzio. Mimi nimetozwa na shirika moja, silitaji, kwa shanta la kitambaa ambalo nilikwenda nalo bila mtu kunigusa. Kwenda walinitazama tu nikapita. Kurudi yule binti wa getini akanielekeza kwenye boksi, likaingia nusu likakwama kwenye mfuko wa mbele ambao nilikuwa nimetia mtandio na chaja. Nikamwambia ngoja nitoe, akasema ukishaanza kupima hupangi upya. Nikalipa kwa kadi pale pale, pesa taslimu hawapokei. Mbele yangu alipita kijana na begi kubwa kuliko langu, hakuulizwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kwa nini yeye apite?

#10 Dereva wa Usiku
Shangazi, jibu lipo wazi. Wanalipwa kwa kila begi wanalokamata. Bosi wa Ryanair, Michael O'Leary, amelisema hadharani bila kuficha: mfanyakazi alikuwa akipata euro 1.50 kwa kila begi lililozidi, na Novemba 2025 wakapandisha ikawa euro 2.50, na kikomo cha kwa mwezi kikaondolewa. Mtu akishapewa motisha hiyo unategemea atafumba macho?

#11 Hakimu Bila Joho
Euro mbili na nusu haimfanyi mtu agombane na abiria mia na themanini. Mimi naona ni kujaa kwa ndege. Ikiwa imejaa wanabana, ikiwa nusu tupu wanaachia. Shangazi alirudi Jumapili, na Jumapili jioni kila mtu anarudi.

#12 Binti Msambaa
Mnazunguka tu. Semeni ukweli, wanaangalia na sura. Mimi na rafiki yangu wa Kipolandi tulinunua mabegi pacha, dukani pamoja, rangi tofauti tu. Tulipanga foleni moja, mimi nikaitwa pembeni kupima, yeye akapita. Langu liliingia, sikulipa, lakini kwa nini mimi?

#13 Futikamba
Dada Binti Msambaa, sitakuambia haipo, nimefanya kazi na watu wa kila namna. Nitaongeza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mwenye pasi ya nje ya Umoja wa Ulaya mara nyingi anatakiwa apite kaunta kuonesha hati zake kabla ya ukaguzi. Yule wa pasi ya Ulaya anatoka mlangoni hadi getini bila kukutana na mfanyakazi yeyote wa shirika. Wewe umeonekana mara mbili, yeye mara moja. Begi lako limepata macho mawili zaidi.

Kuhusu kujaa kwa ndege, Hakimu, hilo linahusu mabegi ya kabati za juu. Begi la chini ya kiti halimnyang'anyi mtu nafasi kabatini hata ndege ikijaa pomoni. Lakini likizidi, halikai chini ya kiti, linakwenda juu, na hapo ndipo mgogoro unapoanzia.

#14 Binti Msambaa
Asante kwa maelezo. Lakini sote wawili tulipita kaunta siku hiyo, yeye alikuwa na tatizo la tiketi. Kwa hiyo bado.

#15 Futikamba
Basi hapo sina jibu la kukupa.

#16 Mtu wa Likoni
Jameni, huku kwetu Kenya kesi ni tofauti. Mimi napanda Jambojet Nairobi kwenda Mombasa au Ukunda, na huko adui si ukubwa, ni mizani. Kilo 7 za mkononi. Begi laweza kuwa dogo kabisa na likazidi kwa sababu umetia vitabu na laptopu. Na zile ndege ni Dash 8 za mapanga, kabati za juu ni nyembamba sana. Begi la magurudumu lenye saizi halali mara nyingine wanalichukua pale chini ya ngazi, wanalifunga kijikaratasi na kulitia tumboni mwa ndege bila malipo. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote uliza kwanza: shirika hili lina boksi au lina mizani?

Mimi kitu cha kwanza hupima begi tupu. Nimeona la magurudumu lina kilo tatu kabla hujatia hata soksi. Kwenye kilo 7 ushapoteza karibu nusu.

#17 Futikamba
Mtu wa Likoni umegusa penyewe. Boksi na mizani vinataka upangaji tofauti. Ile mifuko ya kufyonza hewa inasaidia kwenye boksi na haisaidii hata gramu moja kwenye mizani.

#18 Hakimu Bila Joho
Jamani mbona mnahangaika na vipimo wakati sheria iko upande wenu? Mahakama ya Ulaya ilishasema mwaka 2014, kesi ya shirika la ndege la Vueling, kwamba begi la mkononi ni haki ya abiria na haliruhusiwi kutozwa. Hispania ikawapiga faini mashirika matano Novemba 2024, jumla euro milioni 179. Mleta uzi, wakikutoza getini kataa. Waambie mnavunja sheria.

#19 Futikamba
Hakimu, tarehe na kiasi viko sawa, ushauri ndio unaoweza kumwacha mtu Bergamo. Ile hukumu ya 2014 ilisema begi la mkononi halitozwi nyongeza endapo linatimiza masharti ya kuridhisha ya uzito na ukubwa. Haikusema masharti ya kuridhisha ni sentimita ngapi. Hapo ndipo mashirika yanaposimama: wanasema begi dogo tunakupa bure, kipimo cha kuridhisha ndicho hiki. Na zile faini za Hispania mashirika yamezipinga mahakamani.

Getini hakuna hakimu. Ukikataa kulipa, ndege inaondoka na wewe umebaki. Anayetaka kudai alipe kwanza, achukue risiti, apige picha begi likiwa ndani ya boksi pamoja na futikamba kando yake, kisha adai akiwa nyumbani.

#20 Hakimu Bila Joho
Lakini Bunge la Ulaya nalo linataka begi la kabatini liwe bure kwa wote. Muda ukifika mtanikumbuka.

#21 Dereva wa Usiku
Muda ukifika tutakualika chai. Harusi ya mwenzetu ni mwezi huu.

#22 Mkaa Manchester (mleta uzi)
Asanteni sana. Futikamba, nimelipima likiwa limejaa, limefika sm 47 kwa juu na 24 kwa unene. Nimekubali, naazima shanta la 40 x 30 x 20 kwa jirani. Sasa swali: suti, kanzu, viatu vya ngozi, raba na laptopu vinaingiaje kwenye lita 24?

#23 Futikamba
Anza na viatu, maana ndivyo vinavyokula nafasi. Unavaa namba ngapi?

#24 Mkaa Manchester (mleta uzi)
43.

#25 Futikamba
Kiatu cha ngozi namba 43 kina urefu wa sm 30 hivi kwa nje, na kimo cha sm 11 kisiginoni. Jozi nzima ukiilaza chini ya shanta inachukua sakafu yote, na kwa lita ni zaidi ya robo ya begi lako. Na sm 30 ndio upana wote wa boksi, kwa hiyo ncha ya kiatu itasukuma begi litokeze pembeni. Viatu vya ngozi vivae, kwenda na kurudi. Raba iache nyumbani. Siku mbili, harusi na kanisa au msikiti, raba ya nini?

Koti la suti nalo livae. Pasi ya kusafiria, simu na chaja weka mifukoni mwa koti. Koti la mwilini halipimwi.

Vinavyobaki ni suruali ya suti, kanzu, shati mbili, nguo za ndani, jinzi kama bado unaitaka, laptopu, kanga na vya bafuni. Laptopu ya inchi 15 ina takribani sm 36 kwa 25, inaingia upande wa mgongo bila shida. Isimame pale, inalipatia begi umbo lisiviringike. Suruali na kanzu zikunje kwa upana wa laptopu, uzilaze bapa kuiegemea. Usiviringishe kanzu, itatoka na mikunjo ya duara ambayo pasi ya hoteli haiitoi. Zinazoviringishwa ni fulana, nguo za ndani na jinzi. Doti za kanga nazo zilaze bapa, ni nyembamba na zinajaza vizuri nafasi kati ya laptopu na nguo.

Mfuko wa mbele uache mtupu kabisa. Shangazi amekueleza yaliyomkuta. Begi laini linapita boksini kwa sababu linabonyea, na sehemu ya kubonyea ni ule mfuko. Ukiujaza umegeuza begi laini kuwa gumu.

#26 Shangazi wa Leicester
Haswa. Laiti ningeambiwa hivi mapema.

#27 Binti Msambaa
Na kwa sisi wanawake, pochi inahesabika! Wengi wanajua "begi moja" lakini wanafikiri pochi ni sehemu ya mavazi. Begi moja maana yake moja. Mimi natumia kipochi bapa cha kamba kinachovaliwa ndani ya koti, na kabla ya kufika getini natumbukiza kila kitu ndani ya shanta. Ule mto wa shingo pia kuna wanaouhesabu, hasa wakiuona umejazwa nguo badala ya pamba.

#28 Kigoma Mjini Kati
Kuna njia rahisi. Nunua kitu kidogo kwenye duka la uwanja wa ndege, upewe mfuko wao, halafu uhamishie nguo zako humo. Mfuko wa duka la uwanja unaruhusiwa bure.

#29 Dereva wa Usiku
Hiyo inafanya kazi, nimeifanya.

#30 Shangazi wa Leicester
Inategemea. Nimeona dada anaambiwa auingize mfuko ndani ya begi, na ndani hakukuwa na chochote kilichonunuliwa.

#31 Futikamba
Mashirika mengi yanaruhusu mfuko wa bidhaa za uwanjani. Wanachoruhusu ni bidhaa. Ukiwa na maji, kitabu na risiti, hakuna atakayekusumbua. Mikono ya shati ikining'inia kwenye mfuko wa manukato, umemkaribisha mwenyewe. Sipendi kumshauri mtu ategemee jambo ambalo linaamuliwa na hali ya mhudumu siku hiyo.

#32 Mtu wa Likoni
Swali la kizembe: mtu atajuaje nyumbani kwamba begi litaingia kwenye boksi lao? Futikamba ya fundi cherehani haikupi ukweli wote, begi linapinda pinda.

#33 Futikamba
Si swali la kizembe hata kidogo. Tafuta katoni dukani, ikate na uigundishe kwa gundi ya karatasi hadi uwazi wa ndani uwe sm 40 x 30 x 20. Tumbukiza begi lililojaa. Jaribio lina sehemu mbili: liingie bila kulikalia, na litoke bila kulivuta kwa mikono miwili. Maboksi ya uwanjani ni ya chuma au plastiki ngumu, hayabonyei. Begi linaloingia kwa kusukumwa na goti ni begi ambalo mhudumu ataliangalia na kusema halijaingia. Likikwama, angalia limekwama wapi. Mara nyingi si nguo, ni mshikio wa juu, kamba za mabegani au buckle za plastiki za kifuani. Zikunje ndani.

Fanya hivyo usiku wa kuamkia safari, na ukifika Bergamo kumbuka kwamba unarudi na vitu vingine. Nguo chafu hazikunjwi vizuri kama safi, na shangazi zako hawatakuacha uondoke mikono mitupu.

#34 Mkaa Manchester (mleta uzi)
Hilo la mwisho ni kweli kabisa. Kanga na achari nitaziacha kule, lakini najua nitapewa jibini na soseji za kukausha za kuletea watu huku.

#35 Binti Msambaa
Usikubali! Tangu Aprili 2025 Uingereza imepiga marufuku abiria kuingiza nyama za ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe na vyakula vya maziwa kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Hata kikiwa kimefungwa dukani. Utanyang'anywa ukifika. Waambie wakupe kahawa au pasta, kavu zinapita.

#36 Babu Ngalawa
Na hiyo achari ya mama itapita wapi? Mimi yangu waliitupa mbele ya macho yangu.

#37 Hakimu Bila Joho
Babu, sheria ya maji ilishafutwa. Sasa ni hadi lita mbili.

#38 Futikamba
Imefutwa kwenye baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya za ukaguzi, si kote. Edinburgh wanaruhusu chupa ya hadi lita mbili, na wewe ukitoka huko utafurahi, lakini kiwanja unachorudia kinaweza kuwa bado kina mililita 100. Angalia viwanja vyote viwili kwenye tovuti zao, kwenda na kurudi.

Penye kikomo cha mililita 100, kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa, si kilichomo. Chupa ya mililita 250 yenye achari vijiko viwili inatupwa. Na achari inahesabiwa kama maji, sawa na asali, siagi ya karanga, mafuta ya nazi na dawa ya meno. Kitu kinachomiminika au kupakwa, ukihesabu ni maji hutashangazwa. Mkaa, uliza Manchester wana kikomo gani kwenye lango lako, la sivyo gawa achari kwenye vichupa vya mililita 100 uviweke kwenye mfuko wa plastiki wa lita moja.

#39 Mtu wa Likoni
Achari kwenye vichupa vya losheni. Mama akiona atalia.

#40 Shangazi wa Leicester
Mradi imefika. Na mfuko wa maji uwe juu kabisa karibu na zipu. Ukiuzika chini utapangua begi lote kwenye ukaguzi, na kulirudishia vizuri huku watu wanakusukuma ni kazi. Hapo ndipo begi lililoingia kwenye katoni nyumbani linafika getini limevimba.

#41 Dereva wa Usiku
Swali kwa Futikamba. Ikitokea basi wamelichukua begi getini, umelipa, linakwenda tumboni. Kuna la kufanya?

#42 Futikamba
Toa pawa benki. Haziruhusiwi kwenda tumboni mwa ndege kwa sababu betri ikishika moto kule hakuna wa kuizima. Toa pia dawa unazotumia, funguo za nyumba, hati na laptopu. Ndiyo maana hivyo vyote navitaka sehemu moja, kwenye kijifuko kimoja unachoweza kukichomoa kwa mkono mmoja ukiwa kwenye foleni.

Na kama unaona wazi kabla ya safari kwamba begi litazidi, ongeza begi mtandaoni mapema badala ya kubahatisha. Ryanair getini inaweza kufika hadi euro 75, na mtandaoni ni sehemu ndogo ya hiyo. Unaweza kuongeza kwa safari ya kurudi peke yake. Bei ya kuongeza ikizidi tiketi, kama ya Mkaa, bado linganisha na bei ya getini, usilinganishe na tiketi.

#43 Kigoma Mjini Kati
Mimi bado nasema wanaopimwa ni wale wanaofika mwisho na kuonekana wana wasiwasi. Ingia katikati ya foleni, begi mgongoni badala ya mkononi, tembea.

#44 Hakimu Bila Joho
Mimi naona kinyume. Wanaofika mwisho ndio wanaopita, kwa sababu ndege imeshachelewa na wanataka kufunga mlango.

#45 Shangazi wa Leicester
Mimi nilikuwa wa mwisho kabisa.

#46 Mkaa Manchester (mleta uzi)
Nimetengeneza katoni. Shanta la jirani limeingia na kutoka, mfuko wa mbele mtupu. Jinzi imebidi niivae na suruali ya suti iwe ndani. Raba zimebaki. Vichupa vya achari vimekuwa vinne.

#47 Mama Mapacha Utrecht
Samahani naingilia. Mimi nina safari kama hiyo na mtoto wa miezi minane, atakaa mapajani, tiketi ni ya Ryanair. Je, nepi zake zinaingia kwenye hizo lita 24 zangu?

#48 Futikamba
Hapana dada, mtoto wa mapajani ana begi lake la kilo 5, sm 45 x 35 x 20, unalibeba pamoja na lako. Kigari cha mtoto nacho ni bure, utakisukuma hadi mlangoni mwa ndege na watakichukua hapo. Kifunge kamba au kitambaa cha rangi ukitambue kikishushwa. Maziwa na maji ya chupa ya mtoto yanaruhusiwa kuzidi mililita 100, ila uyatoe mwenyewe mbele ya mkaguzi kabla hajauliza, na huenda wakayapima.

#49 Mama Mapacha Utrecht
Kumbe. Na uji wake wa unga wa ulezi?

#50 Futikamba
Ukiwa unga mkavu, tia popote. Ukishaupika, uhesabu pamoja na maziwa na uuweke kwenye begi lake, si lako.